Pazia Lililopanda Kutoka Chini

Siku za soko la mifugo Griftu, watu huja zahanatini wakishauza. Ugonjwa humngoja ngamia auzwe. Nilikuwa tabibu huko, na desturi hiyo niliizoea hata nikaacha kuikemea.

Adhuhuri moja waliingia ndugu wawili. Mdogo alilifunika jicho lake zima kwa kiganja, akamtazama kaka yake kwa lile bovu. "Kofia yako naiona, walaal, na uso wako mbaya pia. Viatu ndivyo sivioni."

Nikamhoji. Vimulimuli vya nuru jichoni vilianza juzi. Alfajiri ya leo giza likapanda kutoka chini kama pazia. Hapakuwa na maumivu, wekundu wala pigo. Nilishuku kwamba retina, utando wa ndani unaopokea nuru, ilikuwa ikibanduka kutoka juu. Lakini katikati alikuwa bado anaona.

Nikaanza kuandika barua ya rufaa. "Andika imeanza leo," kaka akaomba, ameinamisha uso. "Mimi ndiye niliyesema tuuze kwanza. Mama atauliza."

"Barua haiendi kwa mama yenu."

"Kila kitu huenda kwa mama," mdogo akasema.

Niliandika kwamba imeanza juzi, kisha nikaongeza: uoni wa katikati ungali mzima, apokelewe leo hii. Nikampigia simu daktari wa macho Garissa, nikaagiza mgonjwa alale chali njiani, utando usizidi kubanduka. Kaka aliisoma barua akalia, nami nikatambua kwamba kimya changu cha siku zote za soko kilimsaidia kuchelewa.

Kutoka Garissa mdogo alipelekwa Nairobi, akapasuliwa huko. Uoni wa katikati ulisalimika. Wa chini haukurudi.