Waliobofya Mashavu ya Mwanangu
Uvumilivu uliniisha siku kijana wa matangazo ya mtandaoni alipokuja kibandani kwangu Mbeya akisema, "Hongera dada, wanaobofya wameongezeka!"

Mwanangu mgongoni, mezani sweta za watoto nilizofuma, hakuna mnunuzi. Nikasoma kwenye simu maoni chini ya tangazo langu, lenye picha ya mwanangu amevaa sweta: watu wanasifu mashavu ya mwanangu tu, tena wengi wako Dar, kwenye joto.

"Sweta Dar wavalie wapi, kwenye friji?"

Akacheka, kisha akainamisha kichwa. "Bosi anatupima kwa mibofyo, dada."

Nikamhurumia. Malalamiko nikamwandikia bosi wake: "Tangazo lionekane Mbeya na Iringa tu. Nipeni hesabu ya gharama ya kumpata kila anayeuliza bei, na kati yao wangapi wamenunua. Na huyo kijana msimfukuze."