Korido Isiyo ya Mtu Mmoja

Karani aliyenitangulia alifukuzwa kwa kukosea hesabu ya stempu. Bosi alinisimulia hayo siku yangu ya kwanza, akicheka, nami nikacheka, lakini moyoni nilishaanza kuogopa.

Ofisi ilikuwa ghorofani, juu ya maduka ya Donholm. Bosi aliuza vipuri, na mkataba wa pango ulikuwa kwa jina lake. Alimlipa mwenye jengo elfu nane na mia nne kila mwezi, kisha mimi nikawaandikia ankara wenzetu wawili wa ghorofa ile: mchongaji wa vinyago mwenye chumba kikubwa, na mama aliyepiga chapa barua za watu. Tuligawana kwa ukubwa wa vyumba. Aliyepima ni mimi.

Mwezi wangu wa sita pale, yule mama aliniletea barua ya kuhama.

"Nimeshindwa, mwanangu. Chumba ni kidogo lakini kinanimaliza."

Alipotoka nikatazama ankara zake. Elfu mbili na mia nne, sawasawa na fungu letu, na chumba chetu ni mara mbili ya chake! Nikatoa karatasi ya vipimo. Mchongaji futi za mraba mia tatu, sisi mia mbili, mama mia mbili. Nikaelewa. Wateja wake walikaa kwenye benchi la korido, basi mimi mjinga nikaihesabu korido nzima kuwa yake, wakati sote tulipita hapo. Nilipaswa kugawa pango kwa vyumba peke yake, mia tatu, mia mbili, mia moja, ili kila mmoja abebe korido kwa kadiri ya chumba chake. Mama angelipa elfu moja na mia nne. Kwa miezi sita nilimtoza elfu sita za bure.

Kule nyumbani, mtaani Huruma, wadogo zangu walikula kwa mshahara wangu. Nikawaza: akishahama, nani atauliza? Sifichi, niliwaza hivyo mpaka saa ya chakula. Lakini mashine yake ya chapa ilisikika ukutani, nikaiacha chai, nikachukua karatasi ya vipimo.

Niliingia kwa bosi, nikamweleza kosa langu na kumpa ile karatasi. Aliisoma mara mbili bila kuinua macho. Afadhali angenifokea.

"Kwa hivyo mimi na mchongaji ndio tunadaiwa hizo elfu sita?"

"Ndiyo, mzee. Wewe elfu mbili na mia nne, yeye elfu tatu na mia sita."

"Andika ankara mpya. Na mchongaji utamweleza wewe, si mimi."

Nilikimbia kwa mama na hati ya marekebisho. Aliisoma mstari kwa mstari.

"Kwa hivyo naweza kubaki?"

"Baki, mama. Na pesa zako zitarudi."

"Na mashine yangu ya pili, niliyoiuza Jumamosi nilipe ankara yako?"

Alivuta kiti, akaendelea kuchapa barua ya mteja.