Wingu Mahali pa Mwarobaini

Nilimfuta binti wa mwalimu wangu wa kazi miezi miwili baada ya binti huyo kuzikwa. Nilitumia rangi nyeupe nzito iliyochanganywa na buluu kidogo.

Ilikuwa Shinyanga, miaka ya sabini, katika ofisi ndogo ya wachora ramani za majengo. Chama cha wakulima wa pamba kilitaka picha ya makao yake mapya: ghorofa nne, mbele ukuta mzima wa vioo. Mzee aliyenifundisha kazi ndiye aliyeichora, kwa rangi za maji.

"Kioo hakina rangi yake," alinifundisha. "Kinaazima. Kikiazima mbingu, ndani huoni. Kikiazima kitu cheusi, ndani kunafunguka."

Kwa hiyo ghorofa za juu alizijaza anga. Chini, mwarobaini uliosimama mbele ya jengo aliuonyesha tena ndani ya kioo, kivuli cha kijani kilichokolea, na katika giza hilo ungemwona mpiga chapa mezani, shingo imeinama, taa pembeni. Alimfanyia kazi siku nne. Nilidhani ni ufundi tu.

Alipokwenda Ushirombo kuondoa matanga ya bintiye, viongozi wa chama walikuja kuitazama picha.

"Mwangaluka," alisalimu mwenyekiti kwa Kisukuma, kisha akainama. "Hiki ni kioo au shimo?"

"Ni kioo, mzee. Kivuli cha mti ndicho kinachokuwezesha kuona ndani."

"Nani kasema tunataka kuonekana? Mkulima apite barabarani atukute tunakunywa chai?" Wenzake wakacheka. "Kiwake chote. Kesho asubuhi tunaipeleka Mwanza."

Ningeweza kusema mwenye kazi hayupo. Sikusema. Nilipandisha mawingu juu ya kivuli, tabaka mbili, mpaka meza, taa na shingo vikapotea. Kioo kikawaka. Asubuhi walinisifu, wakaondoka na picha.

Nilipokuwa nikisafisha ubao wake niliona picha ndogo ya pasipoti, imebanwa kwa pini pale karatasi ilipokuwa imeifunika. Msichana ameinama kidogo, shingo ile ile. Alikuwa bintiye, mpiga chapa wa ofisi ya wilaya. Nilimjua kwa shikamoo za mlangoni tu.

Picha ilirudi kutoka Mwanza baada ya mzee kurejea. Aliiegemeza ukutani, akasogea, akarudi nyuma.

"Mti uko wapi?" aliuliza.

"Huo hapo mbele, mzee."

"Mbele nauona. Kwenye kioo?"

Mti ulikuwa umesimama mbele ya ukuta wa vioo usioutambua, kosa ambalo hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza asingelifanya.

Mzee alikwenda kwenye ubao wake. Kisha akachukua ile picha ya pasipoti, akaiweka mfukoni mwa shati, akanoa penseli.

Jengo halikujengwa. Mzee alistaafu, akafariki, na picha ilikwenda na makabati ya chama, sijui wapi. Nimesikia rangi nyeupe nzito hubanduka ikikaa miaka mingi kwenye joto. Hakuwahi kuniuliza kama nilijua ni nani niliyemfuta, nami sikuwahi kumwambia kwamba sikujua.