Chupa Zilizopinduliwa Mweso

Niliporudi Masisi na diploma, ya kwanza kilimani kwetu, wafugaji walinikabidhi biashara yao ya kuuza maziwa katika mji wa Mweso. Wateja walilipia mwezi mzima mapema, na aliyetaka kuacha alipindua chupa yake juu ya uzio.

Mwenyekiti wao akapandisha bei. Wiki ya kwanza hakuna chupa iliyopinduliwa, naye akatembea kifua mbele.

"Unaona, kaka wa diploma? Wanapenda maziwa yangu."

"Papa mwenyekiti, wanakunywa walichokwisha kulipia. Tungoje mwezi uishe."

Mwezi ukaisha, na chupa zilizopinduliwa zikajaa juu ya nyuzio. Sikuzihesabu zote kuwa hasira ya bei, maana kila mwezi wateja kadhaa ambao ni makarani huhamishwa kikazi. Niliondoa hao, nikawauliza wengine. Walisema ni bei. Wakiendelea kuondoka hivyo, mama zetu wangebaki na maziwa yasiyo na mnunuzi.

Chupa ya kwanza kupinduliwa ilikuwa ya mama mkwe wa mwenyekiti. Kwa heshima ya ukwe mwenyekiti hakuweza kumuuliza, ikabidi niulize mimi.

"Mwambie mkwe wangu," akanijibu, "nimeanza kupenda chai kavu, isiyo na maziwa."

Nikashauri wateja wa zamani wabaki na bei ya zamani, wapya walipe mpya, na aliyepindua chupa asipoisimamisha kabla ya Jumapili ya tangazo kupita, akirudi ahesabiwe mpya.

Mwenyekiti alitangaza hayo mbele ya kanisa kama wazo lake mwenyewe. Mama mkwe alisikiliza hadi mwisho, akaenda kusimamisha chupa yake.