Ujumbe Ulioiondoa Kazi ya Dada

Ujumbe kutoka shirika lililompa dada kazi mpya uliingia saa tatu asubuhi, akiwa anafua uani kwetu Mikindani. Mikono yake ilikuwa na povu, akaniambia nimsomee. Mimi kusoma kwa sauti hunitoa jasho hata mbele ya watu wa nyumbani, lakini nikaanza.

"Habari za asubuhi. Naandika kuiondoa nafasi ya kazi tuliyokupa. Jana jioni mfadhili alikata fedha za mradi wa kifua kikuu, na mshahara wako ulikuwa humo. Si usaili wako wala vyeti vyako. Ulikuwa wa kwanza kati ya wote. Sitakwambia usubiri, maana sijui kama fedha zitarudi. Kama umeshatoa notisi unakofanya kazi, niambie leo, nitamwandikia mwajiri wako. Barua rasmi inafuata. Nitakupigia saa saba. Pole sana."

Dada alirudi kwenye beseni. Akasuuza shati lile lile mara tatu.

Notisi alikuwa ameshatoa. Alifanya kazi ya maabara kwenye kliniki moja karibu na Port Reitz, na siku aliyopata barua ya shirika, jioni hiyo hiyo aliandika ya kuacha. Mama ndiye aliyemhimiza. Kwetu mtu akipata kazi mpya huaga ya zamani mapema, asije akaonekana ana kiburi. Zilibaki siku tisa notisi iishe.

Mama alitoka jikoni na mwiko. "Wamekufukuza hata hujaanza?"

"Hawajanifukuza, mama. Fedha zimekatwa."

"Si walikupa barua na muhuri?"

Ujumbe ule niliusoma tena peke yangu, labda mara kumi. Ulinishangaza. Barua ya kwanza ilikuwa ya Kiingereza kirefu, huu Kiswahili cha mtu anayeongea na wewe. Tena nilidhani wakubwa wakikunyima kitu husema watakukumbuka siku nyingine. Huyu alikataa kusema hivyo. Nilitaka kujua ni mtu wa namna gani.

Saa saba kamili simu ikalia. Dada akaweka sauti ya nje, mimi nikajifanya nakunja nguo.

"Shikamoo, mama," dada alimwamkia mwanamke aliyeandika ujumbe.

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Bado. Mama, nikuulize. Mlinipa barua kabla fedha hazijaingia?"

"Ndiyo. Mkataba wa mfadhili ulikuwa haujatiwa sahihi. Nilikuwa nimezoea miaka yote inatiwa. Ningeandika kwenye barua yako kwamba kazi inategemea fedha hizo, usingeacha kazi mapema. Sikuandika. Hilo ni kosa langu, si la mfadhili."

Mama alishusha mwiko. Nadhani alikuwa ameandaa matusi, akakosa pa kuyaweka.

Barua ya kumwombea dada arudishwe kazini ilifika kwenye simu kabla ya saa nane. Dada akaniambia nimsindikize kliniki, ati akilia njiani awe na mtu wa kumziba asionekane.

Msimamizi wa kliniki, mama mnene mwenye miwani shingoni, aliisoma barua akiwa amesimama. Mimi nilikuwa kwenye benchi la wagonjwa, mlango uko wazi.

"Huyu mwanamke ameandika vizuri," alisema. "Lakini mbona hukuja jana? Leo asubuhi nimempigia msichana mmoja, nimemwambia ashike nafasi yako tarehe moja. Barua yake hii hapa, haijatoka."

"Naye ameacha kazi mahali?"

"Hana kazi. Tangu amalize chuo yuko nyumbani kwao Jomvu. Alipiga kelele kwenye simu mpaka nikaitoa sikioni." Akavaa miwani. "Wewe nakujua, kazi yako naijua. Ukitaka, namwandikia kama hivi ulivyoandikiwa wewe. Sema."

Nilimwona dada mgongo tu. Nilihesabu matone ya bomba la sinki, nikafika kumi na saba.

"Mwache aanze," alisema.

"Una hakika?"

"Sina. Lakini mwache."

Msimamizi alikuna kichwa kwa kalamu. Akasema wa zamu za Jumamosi na Jumapili huwa anasumbua, hata wiki hii hajulikani kama atakuja. Kama dada atakubali kibarua cha siku hizo mbili, atamwita. Dada alikubali haraka mno, kama anayeogopa nacho kitaondolewa.

Tulipofika barabara ya malori nikamuuliza, ingawa si kawaida yangu kuuliza. "Kwa nini hukusema ndiyo?"

"Nilikuwa nayo mdomoni, wallahi. Halafu nikafikiria atamwandikia nini yule msichana. Mimi kosa langu halikuwepo, na yule pia lake halipo. Ila kwenye hiyo barua yake, sababu ningekuwa mimi." Akajifuta uso kwa leso. "Usimwambie mama nilipewa nafasi ya kuchagua."

Sijamwambia.