Jina Ambalo Massoud Hakulitaja

Ukimtaka fundi Massoud pale Nguvumali, fuata sufi. Utaiona imeganda kwenye uzio, kwenye kofia yake, mpaka kwenye ndevu, maana kazi yake ni kushindilia magodoro, na godoro lake ukililalia leo, mjukuu wako atakuja kulirithi. Ni Mpemba wa Wete aliyehamia Tanga akiwa kijana, na hajawahi kuiacha Pemba moyoni. Mpole, mcheshi, ila kwa adabu za kale ni mkaidi kuliko punda.

Adabu moja ilikuwa hii: jina la mke halitajwi mbele za watu. Mkewe alikuwa "watu wa nyumbani" akiwa na wanaume, na "mama Tabia" akilazimika sana. Majirani waliohamia mtaani juzi hawakujua hata anaitwa nani.

Basi Tabia mwenyewe, binti yao aliyekulia kwa bibi yake Wete, akapata mchumba. Nikahi ikapangwa Ijumaa baada ya swala. Ami yake alikuwa tayari kumwozesha kwa niaba, lakini mtoto alipiga simu akasema neno moja tu: "Baba, mimi nataka sauti yako." Massoud alikata simu akaenda kujipangusa macho nyuma ya marobota ya sufi. Akaapa kwamba atakwenda.

Boti ya Alhamisi ndiyo ingemfikisha. Jumatatu asubuhi akaingia steshenari ya Sabiha, binti mwenye kompyuta mbili na mashine ya kutolea nakala, anayewakatia watu tiketi mtandaoni.

"Shikamoo mzee Massoud."

"Marahaba mwanangu. Nataka nafasi mbili, Alhamisi."

Sabiha alitazama kioo, akashusha pumzi. "Zimebaki mbili tu. Ngoja nizishike kwanza." Akabonyeza, na juu ya ukurasa saa ikaanza kuhesabu kurudi nyuma. "Wametupa robo saa tujaze na kulipa. Ikipita, ukurasa unafunga. Jina lako kamili?"

Massoud alilitaja. Akataja na namba ya simu. Mambo yakaenda vizuri.

"Na abiria wa pili?"

Fundi alitazama huku na huku. Mboni, muuza vitumbua wa pale kona, alikuwa anatoa nakala za vyeti vya mwanawe. Wanaume wawili walisubiri picha za pasipoti.

"Watu wa nyumbani," akasema.

"Jina, mzee."

"Nakuletea kitambulisho chake." Na kabla Sabiha hajamwambia aandike hata kwenye kiganja, fundi alikuwa keshatoka.

Nyumbani si mbali. Lakini mtu wa Pemba hapiti watu bila kuwasalimu, na salamu ya Kipemba si ya kutupa njiani kama ganda la ndizi. Huulizwa mgonjwa, huulizwa mvua, huulizwa mtoto aliyeko Pongwe. Aliporudi na kitambulisho mkononi, Sabiha alikuwa amesimama, kwa sababu kukaa kulimshinda.

Aliandika haraka, akabonyeza malipo. Simu ya Massoud ikaleta ujumbe wa kuweka namba ya siri. Miwani ikatafutwa, ikaonekana juu ya kofia. Akabonyeza tarakimu moja moja, akathibitisha, na papo hapo ukurasa ukageuka mweupe: *Muda wako umekwisha. Tafadhali anza upya.*

Simu ikalia. Pesa zimekatwa.

Massoud akaiona Ijumaa ikimponyoka. Alimwona Tabia amekaa na hina mikononi, akisikiliza sauti ya mtu mwingine.

"Anza upya mbio!" Mboni alipaza sauti. "Watachukua wenzenu!"

"Anza, mwanangu," Massoud akasema. "Nitalipa tena. Zipo nilizoweka za doti za harusi."

Sabiha aliondoa mkono kwenye kipanya kabisa. "Sianzi. Tukianza upya, tunapewa namba mpya ya safari, na namba mpya inadai malipo mapya. Uliyolipa yamekwenda na ile ya kwanza. Ukurasa ndio uliotusahau, mzee. Pesa haikusahau njia. Nisomee ujumbe wako, mwishoni pana kumbukumbu namba."

Akamsomea. Sabiha alifungua sehemu ya kutafuta safari iliyokwisha kuanzwa, akaiingiza namba ile pamoja na namba ya simu. Simu ikapokea tarakimu za uthibitisho, nazo zikaingizwa. Wakangoja. Kisha yale waliyoyajaza yakarudi yote: Massoud, simu yake, viti viwili vya dirishani. Jina la abiria wa pili lilikuwa herufi ya kwanza na vinyota, kwa kulinda siri za watu. Kitufe cha kulipa hakikuwepo. Mahali pake paliandikwa: *Malipo yamepokelewa baada ya muda. Nafasi inasubiri uhakiki.*

"Alhamdulillahi," Sabiha akanong'ona. "Hawajaziachia. Sasa tuwapigie."

Simu ya Massoud ilikuwa mbovu upande wa sikioni. Ilisikika kwa spika tu, tena kwa sauti ya kutangazia mnada. Aliyepokea alijitaja kuwa ni Consolata wa huduma kwa wateja.

"Naona malipo, baba. Yamefika muda ukiwa umeshapita, ndiyo maana mtambo umeyaweka pembeni. Usilipe tena. Nitayaunganisha na safari hiyohiyo, ila nahitaji uhakika kutoka kwa mwenye simu. Abiria wa kwanza?"

Alijitaja.

"Abiria wa pili?"

Fundi aliwatazama wale wanaume waliosubiri picha. Mashine ya nakala ilikuwa imemaliza kazi, kila neno linasikika.

"Mama Tabia," fundi akasema.

"Jina lililoandikwa, baba."

Sabiha alijitolea. "Dada, mimi ndiye niliyejaza, naweza kukutajia."

"Samahani, lazima aseme mwenye simu."

Mboni alijifunika mdomo kwa upande wa kanga, mabega yakitikisika. Massoud alikitazama kitambulisho alichokishika. Mara ya mwisho kulitaja jina lile mbele za watu alikuwa kijana mwembamba mkekani, mkono wake umo mkononi mwa baba mkwe, akijibu kwamba ameikubali nikahi. Tangu siku ile alilifungia ndani, kwa heshima. Na Ijumaa, kama Mungu akipenda, angekaa yeye mahali pa baba mkwe, na kijana mwingine angelikubali jina la binti yake kwa sauti, watu wote wakisikia. Hapo ndipo haya ilipomtoka.

Akakohoa kidogo.

"Mwanaima," akasema. Halafu, kwa kuwa lilikuwa limekwisha kutoka na halikumdhuru mtu, akalisema lote, wazi, kama asemavyo mtu msikitini: "Mwanaima binti Shaib Amour. Mke wangu."

"Ahsante, baba. Nafasi zenu zimethibitishwa. Tiketi zinakuja sasa hivi."

Mashine ya kuchapa ikaanza kukoroma. Mboni alipiga kigelegele. Massoud aligeuka ajifute jasho, akamwona mkewe mlangoni, buibui begani, amekuja kufuata kitambulisho kilichochukuliwa bila maelezo. Alikuwa amesimama pale kwa muda wa kutosha.

Fundi hakujua aangalie wapi. Bi Mwanaima aliingia taratibu, akamtoa mumewe kishungi cha sufi kwenye ndevu.

"Kumbe jina langu bado ulikuwa nalo," akasema.