Dakika Thelathini za Maji

Karatasi zile zilikuwa kumi na sita, zote Kiingereza, na bosi aliziweka juu ya meza yangu ya maabara kama mtu anayetua mzigo.

"Mkaguzi anataka wafanyakazi wajue kostiki ni kitu gani," aliniambia. "Wewe ulisomea uuguzi. Waandikie Kiswahili, ukurasa mmoja, mtu aelewe."

Sikumsahihisha. Uuguzi niliusomea mwaka mmoja tu. Mwaka wa pili ulipoanza nilikuwa mjamzito, nikarudishwa nyumbani, na sare yangu nikaiacha kwa rafiki tuliyekuwa tukilala naye chumba kimoja. Mwanangu sijawahi kumjutia, hata siku moja. Lakini chuo nakililia mpaka leo, nacho nimekililia kimyakimya, maana kazi niliyopata baadaye ni nzuri: kupima mafuta ya alizeti katika kiwanda kidogo huku Mwankoko, nje kidogo ya Singida mjini.

Mafuta yakitoka kwenye mashine yana uchachu, na kostiki ndiyo inayouondoa. Inakuja kwenye mifuko, vipande vyeupe vyepesi kama magamba ya samaki. Aliyekuwa akiichanganya na maji ni mzee mmoja wa Mtinko, mpole, aliyefanya kazi hiyo tangu kiwanda kifunguliwe. Mikono yake ilikuwa na mabaka ya kuungua ya zamani. Mimi nilimwita baba, naye aliniita mwanangu.

Nilisoma zile karatasi siku tatu. Nyingi hazikuwahusu wenzangu: habari za meli, za sheria za nchi za mbali, za samaki mtoni. Nilizipita. Nilipofika sehemu ya huduma ya kwanza nilipunguza mwendo. Macho. Ngozi. Kumeza. Kuvuta hewa. Maneno yale niliyajua. Niliwahi kuyaandika kwenye daftari, mwalimu akipita nyuma yangu, na nikiyasoma nilikuwa nasikia viatu vyake.

Ukurasa ulipokamilika niliwasomea wenzangu wakati wa chai. Niliandika kwamba kostiki ndiyo inayotiwa kwenye maji, kidogo kidogo, na kamwe maji yasimwagwe juu ya kostiki, kwa sababu inachemka ghafla na kuruka. Niliandika glavu za mpira, miwani ya kuziba pembeni, shati la mikono mirefu. Mfuko ufungwe, ukae juu ya mbao, mahali pakavu, mbali na tindikali na alumini. Ikimwagika, izolewe ikiwa kavu kwanza, ndipo sakafu ioshwe. Isiwekwe kamwe kwenye chupa ya maji ya kunywa. Akiimeza mtu, asukutue mdomo, asitapishwe, apelekwe hospitali mara moja.

Mzee alinisikiliza hadi mwisho, akiwafasiria kwa Kinyaturu akina mama wawili wa kufungasha pale waliponikunjia uso. Kisha akasema, "Mwanangu, umeandika isikae na alumini. Sisi tunaichotea kikombe gani?"

Tukatazamana wote. Kikombe kilikuwa cha alumini, na kilikuwa kimeliwa pembeni kama kimetafunwa.

"Inakula alumini na kutoa hewa inayowaka moto," nikasema.

"Basi kumbe si panya," akasema, na watu wakacheka. Lakini hakuwa amemaliza. "Hapa pa macho. Umeandika aoshe kwa maji mengi, dakika kadhaa. Kadhaa ni ngapi? Na maji yenyewe yako getini. Mtu asiyeona atafikaje getini?"

Nilikuwa nimefasiri maneno, sikuwa nimekifikiria kiwanda. Nilirudi kwenye zile karatasi, kisha nikampigia yule rafiki yangu niliyemwachia sare, ambaye sasa ni muuguzi Manyoni. Tuliulizana hali za watoto, ndipo nikamuuliza.

"Kwa kostiki usihesabu kidogo," alisema. "Nusu saa ya maji yanayotiririka, kisha hospitali. Ukishindwa kuamua, endelea kuosha."

Nyuma ya sauti yake nilisikia watu wakimwita sista.

Nikaandika dakika thelathini. Bosi nikampelekea suala la maji, naye bila maneno mengi akanunua simtanki na mpira wa maji, vikawekwa hatua chache kutoka kwenye pipa la kuchanganyia. Ukurasa tukaubandika ukutani, na kikombe kikawa cha plastiki.

Wiki haikuisha. Nilikuwa nikipima mafuta niliposikia mzee akipiga ukelele, mmoja tu, mfupi. Miwani yake ilikuwa imepata ukungu, akaipandisha kwenye paji la uso aifute, papo hapo maji ya kostiki yakaruka kutoka pipani yakampata jicho la kulia.

Nilifika wa kwanza. Nilimshika kichwa, nikamlaza upande ili maji yasiende kwenye jicho la kushoto, nikafungua mpira taratibu. Mama mmoja wa kufungasha alikuja mbio na limao.

"Mkamulie! Limao linaua magadi!"

"Hapana, mama. Maji tu. Nishikie saa."

Alikuwa akifumba, na mimi nikawa nazifungua kope kwa vidole, namwambia atazame juu, chini, kushoto, kulia. Dakika ya kumi akasema limepoa, nimwache. Nikamwambia bado. Ya kumi na tano akaanza kutetemeka kwa baridi, akasema, "Mwanangu, imetosha."

"Bado, baba. Tuliandika thelathini."

Akaniachia kichwa chake mikononi. Nilikuwa na hofu, lakini mikono yangu haikuwa na hofu. Ilijua. Nilikuwa nimelowa mpaka kiunoni na nilikuwa mahali nilipotaka kuwa tangu nina miaka kumi na tisa.

Tulimpeleka hospitali kwa gari la bosi, mimi nikiwa na zile karatasi kumi na sita. Muuguzi aliyetupokea alikuwa mdogo kwangu sana. Alisoma jina la kemikali, akaniuliza ameoshwa muda gani, nikamjibu. Akainua macho.

"Dada, wewe umesoma uuguzi wapi?"

"Sikumaliza," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, kwa upole, akamshika mzee mkono, akaingia naye ndani na kuvuta pazia. Nilibaki upande wa huku. Nilisikia maji yakifunguliwa tena, vyuma vikigongana kwenye sinia, sauti yake ikimwambia atazame juu, atazame chini. Bosi aliniambia nikae kwenye benchi. Sikukaa.

Jicho lilipona, isipokuwa kwenye jua kali linatoa machozi. Mzee aliporudi kazini alinikuta nikibandika ukurasa mpya, niliouongezea mstari: miwani ikipata ukungu, ondoka kwanza mbali na pipa, ndipo uivue. Nikamwamkia.

"Marahaba. Huo ni mstari wangu," akasema. Kisha, bila kunitazama, "Ungekuwa muuguzi mzuri sana."

"Asante, baba," nikasema, nikaendelea kubonyeza gundi kwenye pembe za karatasi.

Baadhi ya siku nikitoka kazini ninapita njia ndefu, ile ya mbele ya hospitali, saa wanafunzi wa uuguzi wanapotoka zamu. Wanatembea wawili wawili, wamechoka, wanacheka. Ninasimama kidogo ng'ambo ya barabara mpaka wa mwisho apite, ndipo ninakwenda nyumbani kumpikia mwanangu.